Wanagombana kuhusu gesi, lakini tatizo si gesi. Nimekwama na sini hii

Bint_Bombo

Asalaam aleikum wanajukwaa. Naandika filamu fupi ya dakika 8, nyumba moja tu, Bombo, mume na mke. Wanaongea Kiswahili kwa sababu baba alikulia kambini, kambi ya jeshi, na mama ni wa Busia, nyumbani kwao hakuna lugha nyingine wanayokutana nayo.

Kisa ni hiki. Mama Shamimu amepata kazi ya nyumbani Uarabuni, mkataba wa miaka miwili. Hajamwambia mumewe. Amefanya taratibu zote kimyakimya, pasipoti anayo, chanjo ya homa ya manjano amechoma. Baba Shamimu ameshaiona ile kadi ya manjano, ameificha mle mle alimoikuta na hajasema kitu. Yeye hana kazi tangu mwaka jana. Kwa hiyo kila mmoja ana lake moyoni, na mimi nataka wagombane kuhusu kitu kingine kabisa, mtazamaji aone kinachowauma bila wao kukitaja.

Nilichagua gesi iliyoisha. Jana tulifanya mazoezi, na dada anayeigiza mama alisimama katikati akaniuliza: "Kwa nini nakasirika hivi kwa ajili ya gesi?" Sikuwa na jibu. Hii hapa:

BABA SHAMIMU: Gesi imeisha tena?
MAMA SHAMIMU: Imeisha. Nifanyeje?
BABA SHAMIMU: Kila kitu katika nyumba hii kinaisha na hakuna anayeniambia.
MAMA SHAMIMU: Labda kwa sababu huulizi.
BABA SHAMIMU: Vitu vingine vinaisha polepole, mama Shamimu. Mpaka siku moto unazimika wenyewe.
MAMA SHAMIMU: Una maana gani?
BABA SHAMIMU: Najua unakwenda! Nimeiona kadi!

Hapo mama analia na sini inakwisha. Naona kabisa kuwa imeharibika, ila sijui imeharibikia wapi.

Mpwa_wa_Mbale

Dada, wewe unahangaika na kitu ambacho lugha yetu imeshakimaliza zamani. Kiswahili kina mafumbo. Mama wa Kiswahili akiwa na jambo hasemi, anavaa kanga. Mvalishe kanga yenye maneno ya safari, apite mbele ya mumewe mara mbili, basi. Na baba amjibu kwa methali, mfano "asiyekuwapo na lake halipo". Hapo hawajataja safari wala kadi na kila mtu ameelewa. Hayo ya gesi yaache.

Kalamu_Kireka

Bint Bombo, salaam. Nimeandika filamu fupi kadhaa, nyingine nimeziongoza mwenyewe, na kosa lako nimelifanya zaidi ya mara moja, kwa hiyo niruhusu niseme kwa urefu.

Kwanza nianze na kaka wa Mbale, kwa sababu ana ukweli nusu na hiyo nusu nyingine itakupoteza. Fumbo na hili unalolitafuta ni vitu viwili tofauti. Anayefumba anataka kusikika. Mwanamke anayevaa kanga ya maneno amelenga, amepiga, na anasubiri aone kama limefika. Watu wako hawataki kufikisha. Mama Shamimu anaogopa kwamba akitaja safari atakatazwa, au vibaya zaidi, hatakatazwa. Baba anaogopa kwamba akitaja kadi atalazimika pia kutaja kwamba yeye ndiye aliyeshindwa kulisha nyumba. Wote wawili wanafanya juhudi jambo lisitoke. Linalotoka, linatoka kwa kuponyoka. Ukiwapa mafumbo umewafanya wajasiri, na watu wajasiri wasingekuwa na filamu yako. Mstari wako wa "moto unazimika wenyewe" ndiyo fumbo hasa. Umetoka kinywani mwa mwandishi. Mtu aliyekasirika kuhusu gesi hasemi hivyo.

Sasa swali la mwigizaji wako, ambalo ni zuri kuliko sini yenyewe. Hana sababu ya kukasirika kwa sababu hakuna ugomvi. Gesi imeisha, wote wawili wanakubali kwamba imeisha, hakuna anayetaka kitu ambacho mwenzake anakikatalia. Ugomvi wa juu lazima uwe ugomvi wa kweli: mmoja anataka jambo fulani lifanyike jioni hii, mwenzake hataki, na wote wawili wana hoja ambayo jirani akipita angeweza kuiunga mkono. Ukiutoa ule wa chini kabisa, huu wa juu ubaki umesimama.

Na ukiweza, huo wa juu uwe umezaliwa na ule wa chini. Gesi inaisha katika nyumba yoyote, mama asafiri asisafiri. Tafuta kitu ambacho kimetokea ndani ya nyumba hii kwa sababu tu mama anasafiri, ila kina maelezo mengine ya kawaida kabisa. Hicho ndicho wagombanie.

Dereva_wa_Malaba

Dada mimi si mtu wa filamu, naendesha lori Malaba na Kampala. Lakini nimesoma hii nikaona nikuambie kwamba hao watu wakae chini waongee mbele ya wazee. Kuficha hakujengi. Mke wangu alikwenda Omani, nami sikujua mpaka zimebaki siku mbili.

Na nitakuambia kitu. Wiki ile tuligombana vibaya sana, na tuligombana kwa sababu ya gunia la makaa. Sisi tulikuwa tunanunua kwa kopo kama watu wote. Siku hiyo nafika kutoka safari nakuta gunia zima uani. Nikauliza pesa imetoka wapi, litakaa wapi, stoo yenyewe inavuja. Akasema bei inapanda, afadhali kununua kwa jumla. Nikapiga kelele mpaka watoto wakatoka nje. Kumbe mwenzangu alikuwa anajaza nyumba. Sikuliona hilo mpaka ameshapanda ndege, siku moja nimeinama nachota makaa peke yangu.

Sasa mwambie huyo baba aulize tu. Asifanye kama mimi.

Kalamu_Kireka

Mzee wa Malaba, pole sana, na asante kwa kulisema. Bint Bombo akipata ruhusa yako, hilo gunia ndilo tulilokuwa tunalitafuta.

Liangalieni. Mama hawezi kulificha, limeshushwa uani na kila mtu analiona. Limenunuliwa kwa sababu ya safari, lakini ana sababu nyingine ya kweli mdomoni: makaa ya kibiashara ya kaskazini yamepigwa marufuku kwa amri ya Rais tangu 2023, na kila mama wa Kampala na viunga vyake anaijua bei. Baba naye ana hoja: pesa yote kwa mara moja, na stoo inavuja. Kuna kitu cha kuamuliwa jioni hii, kwamba gunia libaki au lirudi, na likibaki likae wapi kabla mvua haijashuka. Tena ni zito. Mtu mmoja halibebi. Wakitaka wasitake, watalibeba pamoja, na hiyo nimeipenda kuliko yote.

Fanya hivi, Bint Bombo. Kabla hujaandika upya, andika sini ya uchi. Waache waseme kila kitu, kadi, aibu, hofu, ukurasa mmoja tu, bila kujali uzuri. Waigizaji waisome mara moja au mbili, kisha uiweke kando, isiingie kamerani. Halafu andika maneno ambayo ni marufuku katika sini ya gunia. Kwako naona ni safari, kadi, kazi, kwenda, kuondoka, kuacha. Ukishayafunga hayo, utaona maneno madogo yanaanza kubeba mzigo, kama "sisi", "mwezi ujao", "nani".

Jambo la mwisho kwa leo. Mtazamaji lazima ajue kabla ya gunia kufika. Watu wengi wanaficha siri kwa mtazamaji pia ili waje kumshangaza mwishoni, na matokeo yake anakaa dakika tatu akisikiliza ugomvi wa makaa wa kawaida. Kadi ionekane mwanzoni kabisa, na tumwone baba akiiona.

FundiSauti_Ntinda

Naongezea la upande wangu. Kimya mlichokiandika kwenye skripti hakipatikani kwa kuzima maiki. Uani kuna kuku, kuna redio ya jirani, kuna boda barabarani. Mkimaliza kupiga, kila mtu asimame pale pale kwa dakika moja nzima mimi nirekodi uwanja ulivyo. Bila hiyo, mhariri akitaka kurefusha kimya kati ya mistari miwili hana kitu cha kuweka, atakata. Nimeona sini nzuri zikifa namna hiyo.

Na gunia liwe na makaa kweli. Wapo wanaojaza magazeti ili waigizaji wasichoke. Sauti ya makaa yakisuguana ni kavu, haighushiki, na pumzi ya mtu aliyebeba uzito ni tofauti na ya anayejifanya. Maneno mengine kwenye sini ya kubeba yatatoka nusu nusu kwa sababu ya pumzi. Yaacheni yatoke hivyo.

Bint_Bombo

Mzee wa Malaba, nakuomba ruhusa hapa hapa mbele ya wote. Jina lako halitatokea na sitaweka lori.

Wengine, nimekesha. Nimeandika ya uchi kwanza, kurasa moja na nusu, sitaiweka hapa. Kilichonishangaza ni kwamba katika ile ya uchi baba hamkatazi mama. Nilikuwa nadhani atamkataza. Alichosema ni "utaniacha na watoto na mimi sijui hata maharage yanalowekwa saa ngapi". Maharage yale nimeyachukua.

Mwanzo sasa uko hivi: baba anatafuta kiberiti, anafungua kopo la mchele, anakuta kadi ya manjano juu ya pasipoti. Anasoma tarehe ya chanjo. Chanjo ya kwanza inahesabika kuwa halali baada ya siku 10, na yeye anahesabu kwa vidole, taratibu. Anarudisha kila kitu, anafunika mchele juu yake, anausawazisha kwa kiganja. Hakuna neno. Kisha hii:

UANI. JIONI, WINGU LIMETANDA.
Boda ameshusha gunia la makaa, anaondoka. Mama Shamimu anafunga pochi. Baba Shamimu yuko mlangoni.

BABA: Gunia zima?
MAMA: Kanipunguzia.
BABA: Sisi tunanunua kwa kopo.
MAMA: Kwa kopo tunapoteza. Bei inapanda kila siku. Utaniambia mwezi ujao.
BABA: Litakaa wapi? Stoo inavuja.
MAMA: Chini ya dirisha. Nimeshapanga matofali.
BABA: Umeshapanga.
MAMA: Asubuhi.
BABA: Mimi nimelala.
MAMA: Ulikuwa umechoka.
BABA: Mtu anaweza kuishi na mtu miaka tisa asijue anachoweka stoo.
MAMA: Nafanya haya kwa ajili yenu.
Baba analishika gunia peke yake. Halinyanyuki.
BABA: Litafika mpaka lini?
MAMA: Miezi mitatu. Minne, mkipika maharage yaliyolowekwa.
Kimya.
BABA: Shika huku.
Wanalibeba. Matone ya kwanza yanaanguka.
MAMA: Mvua ikipiga upande huu litaloa.
BABA: Nitalifunika.
MAMA: Kila jioni?
BABA: Kila jioni.

Semeni bila kunionea huruma.

Kalamu_Kireka

Hii ni sini. Nitakuonyesha mistari miwili ya kutoa, mmoja wa kuulinda kama mboni ya jicho, na mmoja ambao sina uhakika nao.

Toa "mtu anaweza kuishi na mtu miaka tisa". Kipimo changu ni hiki: mpe mtu asiyejua kisa ukurasa huu peke yake, umwambie ni mke na mume na gunia la makaa. Kila mstari lazima upite kwake kama mstari wa makaa. Akifika hapo atainua kichwa akuulize, "huyu ana nini?" Maana yake pale baba ameacha kuzungumza na mkewe, anazungumza na sisi tuliokaa kwenye viti. "Nafanya haya kwa ajili yenu" nao una ugonjwa huo huo, ila wenyewe ni mbaya zaidi kwa sababu ni ule ule wa kadi umerudi kwa mlango wa nyuma. Akishasema hivyo ameungama, na kilichobaki ni kubeba mizigo tu. Baada ya "ulikuwa umechoka" nenda moja kwa moja baba alishike gunia. "Ulikuwa umechoka" kwa mwanamume asiye na kazi inatosha. Mama ameisema kwa heshima kabisa na imemkata.

Wa kulinda ni "mkipika". Sijui kama ulikusudia. Mwanamke aliyekuwa anasema "tunapoteza" mistari michache iliyopita, sasa anasema "mkipika". Silabi moja imemtoa nyumbani. Yeye mwenyewe hajaisikia, kwa sababu akili yake imeshafika mwezi ujao, mle jikoni asimokuwamo. Baba ameisikia. Hapo ndipo pa kuweka kamera kwa baba, tena asifanye kitu usoni. Akishtuka umelipigia mstari kwa wino mwekundu. Na jibu lake, "shika huku", ndiyo sababu nakuambia uko karibu: angeweza kuuliza, akachagua gunia.

Mtakapokuwa mazoezini usimwambie dada "cheza huzuni" wala "kumbuka unaondoka". Mwambie kazi yake ni moja, amfanye mume akubali gunia libaki. Kaka naye kazi yake ni kulirudisha kwa muuzaji, mpaka "mkipika". Baada ya hapo kazi yake inabadilika, anataka gunia lisiloe.

Ambao sina uhakika nao ni "kila jioni" wa mwisho. Mara ya kwanza nilipenda sana. Mara ya tatu nimeona ni kama kiapo cha harusi.

Pili_Arua

Nachangia kidogo kuhusu hiyo silabi. Baba amekulia kambini umesema, na mama ni wa Busia. Sisi wa huku na watu wa kambi hatusemi "mkipika", tunasema "mukipika". Acheni aseme hivyo. Sikio linaikamata vizuri zaidi, "tu" na "mu" zinalingana uzito, na hiyo "m" peke yake kwenye pumzi ya mtu aliyechoka itamezwa. Fundi sauti atakubaliana nami.

FundiSauti_Ntinda

Nakubali. "M" mbele ya "k" na matone ya mvua yameanza kwenye mabati, hiyo imekwenda. "Mu" naipata. Afadhali pia mvua isianze kabla ya mstari huo.

Mpwa_wa_Mbale

Nimekubali la mafumbo, Kalamu amenifungua macho. Lakini kuna jambo hamligusi. Filamu hii itaonyeshwa kwa nani? Mimi nimekulia kwenye kibanda cha video. Watu wetu wamezoea vijei, anayekaa na maiki akitafsiri na kueleza kila kitu, "huyu sasa ana hasira, huyu ameshajua". Ukiwapa baba anayesikia silabi moja na kunyamaza, kibandani watu wataanza kuongea wao kwa wao. Mtazamaji wa Uganda anataka aambiwe.

Na la pili, mtaweka tafsiri chini ya picha. Kiingereza mtafanyaje na "mu"?

Kalamu_Kireka

La pili kwanza maana lina kazi ndani yake. Kwa Luganda hakuna shida kabisa, "tu" na "mu" ziko vile vile, Mganda ataisikia hata bila kusoma. Kiingereza ndicho kinachotutesa, kwa sababu neno lao la "wewe" na "nyinyi" ni moja, na tena hulitumia kwa maana ya mtu yeyote. Atakayesoma ataona ushauri wa mapishi. Kwa hiyo lazima mtafsiri aandike waziwazi "wewe na watoto" au "nyinyi wote", na hapo silabi iliyoponyoka imekuwa sentensi iliyokusudiwa. Inapoteza. Njia nyingine ni kuhakikisha ule mstari wa awali, "kwa kopo tunapoteza", umetafsiriwa kwa "sisi" iliyo wazi, ili angalau mabadiliko yaonekane. Sijaona njia inayookoa yote.

La kwanza sikubaliani nalo. Vijei anaeleza kwa sababu filamu ni ya lugha ya kigeni na watu hawasikii maneno. Watu hao hao kwenye kilio au harusini wanasoma mambo bila kuambiwa. Shangazi akisema "chai yenu ni tamu siku hizi", ukoo mzima umeshajua nani hakuchangia sukari.

Mpwa_wa_Mbale

Harusini wanawajua wahusika miaka ishirini. Hapa wanawajua dakika mbili.

Kalamu_Kireka

Hiyo ni hoja. Ndiyo maana mwanzo wa kopo la mchele usiharakishwe, hizo ndizo miaka yetu ishirini. Bado siweki mstari wa kueleza, lakini ningempa baba muda mrefu zaidi na kadi, na pasipoti ionekane vizuri, maana si kila mtu anajua kadi ya manjano ni ya nini.

Bint_Bombo

Nimetoa ile mistari miwili na tumeisoma jioni hii kwa saa mkononi. Kwenye karatasi haifiki ukurasa mmoja, nikajua ni kama dakika moja. Pamoja na kulibeba gunia imechukua dakika mbili na nusu. Kwa hiyo nimepunguza sini ya sokoni niliyokuwa nayo katikati.

Tumejaribu pia kipimo cha Kalamu. Nilimpa ukurasa mpangaji mwenzetu, mama mtu mzima, hajui lolote. Alisoma, akasema huyo mwanamume ana haki, makaa mengi hivyo yatalowa. Kisha akarudia juu akaniuliza, "Kwani huyu mama analala wapi?" Nikamuuliza umeonea wapi, akaweka kidole kwenye "mukipika". Sijui kama hilo ni zuri au nimeshindwa.

Kaka anayeigiza baba bado anashtuka pale. Nimemwambia mara nne. Leo nimempa kazi: akisikia neno hilo aangalie mshono wa gunia kama umefumuka. Imesaidia, ila sasa anaangalia mshono kwa uchungu.

Kalamu_Kireka

Mama mpangaji amekupa jibu zuri. Amepita mara ya kwanza bila kusimama na amerudi mwenyewe. Angesimama pale pale mara ya kwanza ningekuambia punguza.

Kwa kaka, mshono uwe umefumuka kweli. Aufunge. Mtu anayefunga kamba kwa vidole hana nafasi ya kuigiza uchungu.

Pili_Arua

Na hiyo "kila jioni" mmeamuaje? Mimi nataka ibaki. Kalamu anasema ni kiapo, lakini mama anayemwacha mume asiyejua kuloweka maharage atataka kusikia kiapo, hata cha turubai.

Kalamu_Kireka

Anayetaka kukisikia ni mama, nakubali. Wasiwasi wangu ni kwamba baba akikitoa vizuri mno, wote wawili wanakuwa wamejua kwamba wamejua, na sini ijayo ya asubuhi haina kazi. Mimi ningeishia kwenye "nitalifunika". Piga zote mbili, mhariri aamue.

Dereva_wa_Malaba

Dada ruhusa umepata, tumia. Nimesoma hiyo ya mwisho mara mbili nikiwa kwenye foleni ya mpaka.

Mimi sikubeba naye. Nilimwacha akalivuta mwenyewe mpaka ukutani, alama ya kuvutwa ilibaki kwenye udongo mpaka mvua ilipokuja. Huyo baba wako amesema "shika huku". Sawa, iache hivyo.

Nikuambie na mwisho wake ulikuwaje huku kwangu. Hakusema la kila jioni. Alipomaliza kulisimamisha alisema, "Mdomo wake usiuache wazi." Akaingia ndani kupika.

Bint_Bombo

Mzee wangu, nitapiga mara tatu basi. Ya Pili, ya Kalamu, na hiyo. Tunaingia uani Jumamosi wingu likiruhusu. Gunia nimeshanunua, la kweli, na mume wangu ameniuliza litakaa wapi.